Kabati Lisilofunguka

Mimi ndiye niliyeleta kadi Keko, kwa maseremala wa Dar es Salaam. Nalisema bila haya, maana wapo wanaodai leo kwamba walikuwa wakitundika kadi kwenye samani zao tangu zamani, na wengine wao walikuwa hata hawajashika randa. Nilirudi kutoka masomoni nikiwa na diploma ya ufundi wa samani, niliyoipata katika nchi ya baridi ambako niliamka gizani na kurudi bwenini gizani. Sikurithi karakana wala msumeno. Nilipofika nilikuta nchi inafunguka, maduka yaliyokuwa matupu yana vitu, na watu wana hamu ya kupamba nyumba zao. Nikakodi banda kando ya barabara, nikapanga vitanda na makabati yangu nje kama wenzangu wote, na katika wiki chache nikaona tatizo ambalo wenzangu walikuwa wameshalizoea.

Tatizo lilikuwa kwamba mnunuzi na seremala walikuwa wanataja maneno yaleyale na kila mmoja anawaza chake. Mtu anaomba kitanda cha futi tano kwa sita. Mwenye banda anampimia fremu kwa nje, futi tano kwa sita kamili, anamuuzia. Godoro nalo linaletwa la futi tano kwa sita, linakaa juu ya fremu kama kofia ya mkubwa kwenye kichwa cha mtoto. Ugomvi. Mwingine anaambiwa meza ni ya mninga, na kweli miguu ni ya mninga, lakini uso wa meza ni plaiwudi iliyopakwa rangi ikafanana nayo. Ugomvi. Mwingine ameahidiwa kufikishiwa kochi nyumbani, kumbe nyumbani kwake ni Kunduchi, nyuma ya soko la samaki, ambako pikapu inaishia kwenye mchanga na nyumba ipo mbali bado. Anataka wabebaji waendelee, wabebaji wanataka warudi, na kochi limekaa mchangani watoto wanalirukia.

Nikaandika kadi. Karatasi ngumu, mwandiko wangu mwenyewe, ambao walimu wangu waliusifu. Kila samani ilivaa yake. Kwanza vipimo: urefu, upana na kina, vya nje kwanza, halafu vya ndani, na kwa kitanda, ukubwa wa godoro linaloingia. Pili mbao: kila sehemu na mti wake, mlango mninga, ubavu mkongo, mgongo plaiwudi, bila kuficha. Tatu jinsi kilivyoungwa: kwa gundi na hakifunguki, au kwa bolti na kinafunguka, na kama kinafunguka, kipande kikubwa kuliko vyote kina upana gani. Hapo ndipo nilipowashinda wote, maana mteja hahitaji kujua tu kabati lina ukubwa gani likisimama. Anahitaji kujua ni kipande gani kitakachopigana na mlango wake. Chini kabisa niliandika mwisho wa kazi yetu: tunafikisha pale gari linapofikia, wabebaji wanaingiza ndani kama njia inaruhusu, hatung'oi fremu ya mlango wala hatuvunji ukuta.

Majirani walinicheka. Mmoja wao, seremala wa banda la pili mwenye mdomo mkali, alikuwa akiwaita wapita njia: "Njooni kwa profesa! Kitanda chake kina cheti cha kuzaliwa!" Nikamwacha acheke. Miezi michache baadaye akaja taratibu kuniuliza ile karatasi ngumu ninainunua wapi.

Nimeyaeleza haya kirefu kwa sababu nataka ieleweke kwamba kadi zangu zilikuwa za kweli, na kwamba niliziheshimu. Kama heshima ile ingepungua hata kidogo, huenda mama yangu mdogo angeendelea kuniita baba.

Mama mdogo ndiye aliyenilea, pale Temeke, baada ya mama yangu kufariki. Aliuza vitumbua asubuhi na samaki wa kukaanga jioni, na mashati yangu ya shule yalikuwa yananukia vyote viwili. Aliniita baba, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita watoto wa kiume wanaowapenda. "Baba, umekula?" "Baba, hebu nichotee maji." Nilipokuwa ughaibuni, neno nililolikosa kuliko chakula cha nyumbani lilikuwa hilo.

Alikuwa na binti mmoja tu. Binti akaposwa na kijana wa Kinondoni, kutoka ukoo wa watu wa pwani wa siku nyingi, watu wenye nyumba yao ya vyumba sita na baraza pana. Kwetu ni upande wa bibi harusi unaopeleka vyombo: kitanda, kabati, meza ya kujipambia, masufuria, mikeka. Vinapelekwa mchana, watu wakiona, kwa nyimbo. Majirani wa bwana harusi wanatoka kuhesabu, na kinachoshushwa garini siku hiyo ndicho kitakachosemwa juu ya mama wa binti maisha yake yote. Mama wa binti mwenyewe haendi. Anabaki kwake, anasubiri kuletewa habari.

Mama mdogo akaja Keko amevaa baibui lake jipya. Nikamwamkia, nikampa kigoda.

"Marahaba, baba. Nimekuja kwa kazi, sikuja kukaa. Nataka kabati la milango mitatu, la katikati liwe na kioo cha kumwonyesha mtu mpaka vidole vya miguu."

"Mama, lipo tayari. Tazama lile pale."

Lilikuwa kabati langu bora, limesimama mbele ya banda. Milango ya mninga, upana futi tano, kina inchi ishirini na mbili, urefu futi sita bila taji, ule urembo wa juu. Lilikuwa linafunguka vipande viwili, na bolti zake zimefichwa ndani nisipozionyesha, mtu hazioni. Akalizunguka, akapitisha kiganja mlangoni, akajitazama kiooni na kunyoosha mtandio. Nikaona limempendeza. Kisha, kwa kuwa ndiyo kawaida yangu, nikamsomea kadi.

Nilipofika kwenye kufunguka akaondoa mkono.

"Linafunguka?"

"Ndiyo, mama. Linabebwa nusu nusu, linaungwa chumbani. Hata ukiliangalia..."

"Kabati la kufunguka ni la mkimbizi. La mtu ambaye hajui kesho atalala wapi." Akaketi tena. "Wewe unataka mwanangu apelekewe mbao? Zishushwe garini kama kuni, watu wa Kinondoni waulize, 'Na hili kabati liko wapi?' Waambiwe, 'Ngojeni, linajengwa'?"

"Mama, hata kitanda kinafunguka. Hakuna anayekiita cha mkimbizi."

"Kitanda kila mtu anajua. Usinichezee akili na diploma yako." Lakini alikuwa anatabasamu. "Nitengenezee zima. La gundi. Lishuke limesimama, na kioo chake, wajione humo na vinywa vyao wazi."

Nikamwuliza korido ya nyumba ile ina upana gani, na mlango wa chumba je. Hakujua. Akafungua pindo la kanga akatoa uzi wa katani wenye fundo. Alikuwa amempa somo wa binti, mwanamke aliyemfunda, ambaye peke yake kutoka kwetu alikuwa ameingia kwenye chumba kile ili kukitazama kabla ya kukipamba. Somo alikuwa amepima ukuta litakapokaa kabati, akafunga fundo. Nikaunyoosha uzi kwenye futi yangu. Ukuta ulikuwa na nafasi ya kutosha na ya kuzidi.

"Ukuta sawa," nikasema. "Njia ya kuufikia huo ukuta ndiyo nataka. Mwambie somo arudi na uzi mwingine."

"Arudi? Akapime korido ya watu?"

"Basi niende mimi. Nina futi, dakika chache tu."

Akanitazama kama nimesema tusi. "Kaka wa bibi harusi anatembea na futi kwenye nyumba ya wakwe kabla ya ndoa! Unawapimia jeneza? Watasema nini? Kwamba tunaona nyumba yao ndogo. Kwamba sie tunapeleka kabati kubwa kuliko nyumba, tunawasuta." Akafunga uzi wake kwenye pindo. "Baba, wale ni watu wakubwa. Nyumba yao ina baraza pana kama hii barabara. Korido itakuwa pana."

Nikajaribu mara ya mwisho. Nikamwambia kabati zima la futi tano, likiingia kwenye korido nyembamba, haliwezi kukata kona kuingia chumbani hata wabebe malaika. Akasema malaika ndio atakaowaomba.

Usiku ule sikulala vizuri, na nililowaza ndilo ninalolirudia mpaka leo. Ningeweza kulitengeneza kabati lake kwa bolti, nikazifunika kwa vipande vya mbao, nikampa na kusema ni la gundi. Asingejua. Lingeshuka limesimama kama alivyotaka, na kama kona ingekataa, ningewaambia wabebaji wapumzike, nikafanya kazi yangu kwa spana kimyakimya, wageni wakidhani nakaza bawaba. Nilikuwa na ujuzi huo. Katika Dar es Salaam nzima sidhani walikuwepo watatu waliokuwa nao.

Lakini kadi ingesema nini? Ningeandika "halifunguki" juu ya kitu kinachofunguka, au niandike kweli na mama aisome? Biashara yangu yote ilisimama juu ya jambo moja, kwamba kilichoandikwa kwenye kadi ndicho kilichomo kwenye samani. Sikutaka kuanza kudanganya kwa mama yangu. Nikalitengeneza kwa gundi na vigingi, kila kiungo kikikazwa kwa jiriwa na kuachwa kikauke taratibu. Niseme ukweli, sijawahi kutengeneza kabati zuri kuliko lile. Kwenye kadi nikaandika: "Ni zima, halifunguki isipokuwa taji. Lahitaji njia pana penye kona." Siku ya kupeleka, mama aliikata kadi ile kwa mkasi. Alisema bibi harusi haendi kwa mume na karatasi shingoni.

Vyombo vikapelekwa. Kabati lilisimama katikati ya pikapu, limefungwa kwa kamba, na kioo kinarusha jua kwenye madirisha ya watu. Wanawake walikuwa kwenye gari la pili, wakiimba, na nyuma wabebaji na mimi. Tulipoingia mtaani watu walitoka kweli kama mama alivyosema. Vigelegele vikalipuka. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi alilitazama kabati likishushwa, akashika kiuno.

"Hee! Hilo kabati au basi la mkoani?"

Somo wetu akamjibu bila kugeuka: "Panda, bibi, lina nafasi ya kukaa!"

Wakacheka wote. Natamani siku ile ingeishia pale.

Mlango wa mbele ulikuwa wa mbao mbili, mpana, kabati likapita limesimama. Halafu nikaiona korido. Futi tatu. Nyumba ilikuwa ya zamani, baraza lake pana na vyumba vyake vizuri, lakini waliojenga walikuwa wameubania ukumbi wa kati ili vyumba viwe vikubwa. Mlango wa chumba cha maharusi ulikuwa ubavuni, futi mbili na nusu. Nilijua hapohapo. Hesabu ile naweza kuifanya kichwani.

Wabebaji hawakuamini. Wakaliinamisha, wakaligeuza, wakatanguliza upande huu, wakatanguliza ule. Nikatoa taji. Kona moja ilikuwa inaingia mlangoni na nyingine inagonga ukuta wa pili. Wakalilaza ubavu, ikawa mbaya zaidi, maana sasa urefu wote ulikuwa umelala njiani. Chokaa ikaanza kudondoka. Nyimbo zilizokuwa zinaendelea barazani zikapungua sauti, kisha zikawa minong'ono.

Baba wa bwana harusi, mzee mstaarabu mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono, akaja kutazama. Nikamwamkia.

"Marahaba, fundi. Haliingii?"

"Haliingii, mzee. Labda fremu ya mlango ikitolewa."

Akaupapasa ukuta kwa kiganja. "Ukuta huu ni wa miti na udongo, tumeupaka tu saruji. Ukigusa fremu, utaondoka na chumba." Alisema kwa upole, hata kwa huzuni. Dirisha nalo lilikuwa na nondo zilizochomelewa.

Somo akanivuta kando. "Tulirudishe?"

Lakini yeye mwenyewe alijua jibu. Chombo cha bibi harusi kikishafika mlangoni kwa wakwe hakirudi. Kikirudi, watu watasema na bibi harusi mwenyewe atafuata njia hiyohiyo. Kuliacha uani chini ya turubai, pamoja na kuku na ndoo, lilikuwa jambo jingine linalowezekana, na mzee alilipendekeza. "Liwekeni uani, tutaona baadaye." Na mama yangu hakuwepo kusema anataka lipi. Alikuwa Temeke, amekaa kitandani kwake, anasubiri kuambiwa jinsi kabati lilivyoshuka.

Nikaamua. Nilijiambia kwamba alichokuwa anakitaka ni kabati lisimame chumbani kwa mwanawe. Nikawaagiza wabebaji walitoe mpaka uani. Nikatuma pikapu Keko iniletee ubao wa mkongo uliorandwa, bolti na kekee ya kutobolea. Nikang'oa milango mitatu kwenye bawaba nikaiegemeza mahali salama, kioo kikitazama ukuta. Kisha nikachukua msumeno.

Sauti ya msumeno kwenye mbao kavu inasikika mbali. Nilikata juu na chini, kando ya ubao wa kati unaotenga nguo za kutundika na za kukunja, nikakata kitako, nikapasua plaiwudi ya mgongo. Wanawake walisimama kunizunguka bila kuimba. Yule bibi wa utani wa basi alisema polepole, si kwa dhihaka, "Masikini, kabati la watu." Ubao ulipofika nikafunga ubavu uliobaki wazi, nikatoboa, nikapitisha bolti nne. Nusu mbili zikaingia chumbani bila kugusa fremu. Nikaziunganisha, nikarudisha milango, taji, kioo. Jua lilikuwa bado halijazama na kabati limesimama kwenye ukuta uleule uliopimwa kwa uzi. Ungelitazama usingejua. Mzee mwenyewe aliingia, akalitazama, akanipa mkono. "Wewe fundi kwelikweli," akasema.

Nilirudi Temeke nikiwa na fahari. Nilidhani nimemwokoa.

Habari zilikuwa zimenitangulia. Mama alikuwa amekaa kitandani vilevile, mtandio umeshuka mabegani. Nikaanza kumweleza, mlango wa futi mbili na nusu, korido ya futi tatu. Alinyoosha mkono ninyamaze.

"Umelikata kwa msumeno," akasema. "Uani. Watu wamesimama."

"Mama, limesimama chumbani. Hata alama haionekani."

"Wao wameiona." Hakuinua sauti. "Lingekaa uani, lingekuwa kabati kubwa lililokosa nafasi. Ningesema kabati langu limezidi nyumba yao. Sasa ni kabati lililokatwa ili lienee." Akajifuta uso kwa pindo la kanga. "Nenda kapumzike, fundi. Umefanya kazi."

Fundi. Nilifikiri ni hasira ya siku ile. Wiki ilipopita, nikaenda kumwamkia, akaniitikia marahaba, akanipa chai na kitumbua, akasema, "Karibu, fundi." Hakuninyima kitu. Aliniombea dua katika biashara yangu, alinitembelea nilipougua, aliwasifu watoto wangu. Alikuwa haniiti tena baba, basi. Sikuwahi kumwomba aniite. Neno kama lile haliombwi.

Biashara ikakua. Nikapata banda la pili, kisha karakana yenye mashine, na nikaongeza mstari mmoja kwenye kadi: "Tafadhali pima korido na mlango, si ukuta tu." Wateja waliokuja kwa ajili ya harusi niliwapa uzi wenye mafundo mawili tayari, wakamkabidhi yeyote anayeruhusiwa kuingia. Mstari ule umewaepusha wengi na aibu. Kila nilipouandika nilikuwa naona kiganja cha mama kinaondoka mlangoni mwa kabati la kwanza.

Miaka mingi baadaye binti na mumewe walijenga Mbagala, nyumba yao wenyewe, na wakaniita nihamishe samani. Mama alikuwepo, sasa ni bibi mwenye wajukuu, amekaa barazani akisimamia kila kinachotoka. Nilipofika kwenye kabati nikalifungua: taji, milango, kioo, halafu zile bolti nne, ambazo zilikuwa zimekaza kidogo kwa kutu ya Dar es Salaam. Likatoka nusu nusu, kwa raha, wabebaji wanapiga mluzi. Hakuna jirani aliyekuja kutazama. Wakati ule nusu ya Dar es Salaam ilikuwa inalala kwenye vyumba vyenye makabati yanayofunguka.

Mama akanyoosha kiganja. Nikamwekea zile bolti na nati zake, kwa kuwa alitaka kuzishika zisipotee njiani. Akazifunga kwenye pindo la kanga, palepale alipokuwa akifunga uzi, na tukaenda Mbagala, yeye mbele na dereva, mimi nyuma na kabati.

Kule niliweka nusu mbili ukutani, nikazisogeza mpaka zikagusana. Nikageuka. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, mlango mpana, nimeupima mwenyewe. Alilitazama kabati kwa muda mrefu, na nikaona midomo yake inataka kusema kitu. Nikangoja. Mtu wa umri wangu, mwenye karakana na mashine, nilikuwa nangoja kama nilivyokuwa nangoja mlangoni nikiwa na daftari la shule, nisikie kama chakula kiko tayari.

Akafungua pindo la kanga, akanihesabia bolti kiganjani.

"Haya, fundi," akasema. "Zikaze vizuri."

Nikazikaza.